Kikwembe cha Ukurasa wa Tatu

Depliyan ya studio yangu, ile karatasi ya matangazo inayokunjwa, ilipangwa kuwa na kurasa tatu, na ukurasa wa tatu ulikuwa mtupu.

Wa kwanza ulikuwa wa ndoa ya kanisani: bibi arusi, shela ndefu, ngazi za kanisa, na mbuzi mmoja pembeni ambaye nilimfuta kwenye kompyuta, isipokuwa mkia. Wa pili ulikuwa wa ndoa ya serikali: wawili wanatia sahihi, bendera nyuma yao, na ofisa amefumba macho. Sikuwa na foto nyingine. Wa tatu ulikuwa wa ndoa ya kimila, na huko nilikuwa na kichwa cha maneno tu, kimekaa juu peke yake.

Mwenye kupiga chapa yuko Uvira. Alikuwa ananipigia simu na kuniuliza kwa upole, "Dada, tunapiga ao hatupigi?" Nikamwambia tunapiga. Gari la kumpelekea foto lingeondoka hapa mjini Baraka kesho yake asubuhi, maana foto ya namna ile haitumwi kwa simu. Ukiituma kwa simu inafika imekonda, nyuzi zote zimeyeyuka, na mimi nilichotaka kuuza kilikuwa nyuzi.

Niliiona ile foto kichwani kwa muda mrefu. Mwanamume na mwanamke wamevaa kimila, kikwembe kimoja, yaani kitenge, mabegani mwa wote wawili, mwanga laini unatoka nyuma yao na kuwazungushia ukingo mweupe, na kitambaa kinaonekana vizuri hadi mtu aweze kukihesabu uzi kwa uzi. Studio nyingine za hapa zinatundika foto iliyotolewa kwenye mtandao, bwana na bibi warembo kabisa, Wanigeria nadhani. Mteja wa Baraka akiiona anauliza swali moja tu: "Hawa ni batoto ya nani?" Ukikosa jibu, anatoka.

Kwa hiyo nilitafuta watu wa hapa. Nilikuwa na wachumba wawili wa kutoka Nundu, wazuri wa sura, wamekubali, nimewapima na nguo. Siku moja kabla ya kupiga, mama mdogo wa binti akafika studio, akakaa bila kukaribishwa, akaniambia mambo yamekufa. Mahari haijamalizika. Binti akionekana ndani ya nguo ya kuolewa, na foto ile ikatembea mpaka sokoni, familia ya bwana watasema nini? Watasema mutoto tayari tumekwisha pewa, foto iko hapa, sasa munadai nini tena?

"Ni ya depliyan tu, mama," nikamwambia.

"Foto haina tu," akasema, akasimama, akaenda.

Nikajaribu wengine. Walioposwa walikataa kwa sababu ileile. Ambao hawajaposwa walikataa kwa sababu mbaya zaidi: nani atamposa binti ambaye amekwisha onekana ameolewa? Waliooana juzi, bibi alikuwa na mimba ya miezi mingi, na bwana yuko Bibokoboko anatafuta ng'ombe wa kumalizia deni la ukweni. Rafiki yangu mmoja akauliza kwa nini nisivae mwenyewe. Mimi sijaolewa, na ni mimi ninayepiga ndoa za watu wote wa pembeni ya ziwa, kwa hiyo swali hilo huwa silijibu.

Nikakaa nikafikiri kwa hasira. Nilihitaji watu wawili ambao mahari yao ilimalizika kabisa, ambao hakuna mjomba wala shangazi anayeweza kuinuka na kudai kitu. Watu ambao wakipigwa kwa mwanga wa nyuma, wakitazamana, mikunjo ya uso haitaonekana sana. Nilikuwa nawajua. Waliishi nyuma ya studio, katika nyumba yetu, na walikuwa hawasemeshani.

Lazima nieleze ugomvi huu, na ili niueleze lazima nieleze kikwembe.

Baba ni fundi wa mitumbwi. Alipotaka kumuoa mama, alivuka ziwa hadi Kigoma kumtafutia kikwembe cha kweli, kile chenye rangi ya nili na mishipa midogomidogo inayoachwa na nta ikipasuka. Wakati wa kurudi dhoruba ikawakuta katikati ya maji. Watu wakatupa mizigo, na yeye akakifunga kikwembe tumboni, akasema nikienda chini tunaenda wote. Hiyo ndiyo hadithi, na tuliisikia katika kila karamu. Kila mwaka dhoruba iliongezeka. Nilipokuwa mdogo walitupa magunia ya chumvi. Nilipomaliza shule walikuwa wamekwisha tupa na injini. Mama alikuwa anaisikiliza huku anamenya mihogo, na hata siku moja hakumkatiza.

Kikwembe kizima kilikuwa vipande vitatu. Kimoja mama alikishona, akakivaa mpaka kikaisha. Viwili alivitunza. Vita vilipokuja alikimbia navyo Tanzania, ameacha sufuria, ameacha vitanda, akarudi navyo. Vilikaa ndani ya sanduku la bati na vipande vya sabuni kati ya mikunjo. Sisi watoto tulidhani sabuni ni ya wadudu.

Halafu shangazi akafariki. Huyo ni dada mkubwa wa baba, aliyekuwa anaanika ndagala, wale dagaa wa ziwa, na kuziuza pale Lweba maisha yake yote. Kwetu maiti ya mwanamke hufungwa nguo nzuri, kila familia inaleta yake, na wanawake ndio wanazikunja na kumvalisha. Mama alitangulia Lweba kupika kwenye kilio. Alipoitwa ndani kumuaga wifi yake, akamkuta amelala ndani ya kile kikwembe cha nili. Baba alikuwa amefungua sanduku, ametoa kipande kimoja, amekipeleka mwenyewe, bila kumwambia mtu.

Mama hakusema kitu mbele ya watu. Alirudi nyumbani, akafungua sanduku, akakuta kipande kilichobaki. Akaniita. "Ambia baba yako," akasema, na baba alikuwa amekaa palepale kwenye kiti, "masanduku ya watu inafungwaka na kufuli."

Baba akajibu, "Ni nguo tu."

Kuanzia hapo mama hakumsemesha tena. Nasema hakumsemesha kabisa. Chakula alimpikia, nguo alimfulia, kitanda walilala kimoja, lakini maneno yote yalipitia kwangu. Ambia baba yako chakula iko mezani. Ambia mama yako chumvi imezidi. Ambia baba yako ziwa iko pale, akakoroge mchuzi yake ndani. Nilikuwa posta. Mwanzoni nilicheka, baadaye nikachoka, halafu nikaanza kuogopa. Baba alikuwa anakohoa asubuhi kwa muda mrefu, na miguu ya mama ilikuwa inavimba. Niliogopa mmoja wao afe huku mwingine bado ananiambia "ambia". Ningemwambia nani? Wazo hilo lilikuwa linanijia nikiwa kazini, katikati ya arusi za watu.

Kwa hiyo nilimwendea mama jikoni nikamwambia baba amekubali kupigwa foto ya depliyan na anamgojea yeye tu. Halafu nikaenda kwenye karakana, nikamwambia baba mama amekubali. Hakuna aliyekataa. Nadhani kila mmoja aliona aibu kukataa jambo ambalo mwenzake amekwisha likubali.

"Nguo ni ya studio?" mama akauliza.

"Ni ya studio."

"Sawa. Maana yangu imebaki kidogo."

Asubuhi walikuja saa kumi na mbili na nusu, kila mmoja kwa njia yake, ingawa kutoka mlango wetu hadi wa studio ni hatua chache na njia ni moja. Baba alizunguka kwa upande wa barabara.

Dirisha la studio yangu linaangalia ziwa, na jua hutokea ng'ambo, juu ya milima ya Ubwari. Kwa muda mfupi, kabla halijapanda, linaingia chini na laini, na huo ndio mwanga nilioutaka. Nilikuwa nimetundika chandarua cheupe dirishani, nimekikunja mara mbili, ili mwanga usiingie kama fimbo. Upande wangu nilitundika shuka jeupe kwenye kamba, chini ya kamera, ili lirudishe mwanga kidogo usoni mwao. Mlango wa pembeni niliuacha wazi kiasi cha mkono, kwa sababu nguo haionyeshi nyuzi zake ikimulikwa usoni. Inaonyesha ikimulikwa kwa ubavu, mwanga unapopita juu yake umelala, na kila uzi unatoa kivuli chake kidogo.

Niliwavalisha. Baba alipata shati jeupe na mkanda wa raffia, uliosukwa kwa majani makavu. Mama alipata shanga za shingo na kilemba. Aliushika ule mkanda wa raffia, akaunusa.

"Ambia baba yako amefungwa kama mufuko wa samaki," akasema.

"Nimesikia," baba akaniambia mimi.

Nikawasimamisha mbele ya dirisha, uso kwa uso, pua karibu zigusane, kila mmoja ubavu kwa kamera. Kikwembe cha studio kikapita nyuma yao, upande wa dirisha, kutoka bega la baba hadi bega la mama, ncha mbili zikaanguka mbele, kila mmoja ashike yake kifuani. Pozi hilo nililiona kwa fundi mmoja wa Bukavu na nililipenda mara moja.

Foto ya kwanza ikatoka nyeusi. Hilo nililijua, kamera ikiona dirisha inadhani dunia yote ina mwanga wa kutosha, inajifunga, na watu wanabaki vivuli. Nikasogea nikapima mwanga kwenye shavu la mama, si dirishani, nikarudi. Foto ya pili nyuso zikatokea. Dirisha likawa jeupe taratibu, ukingo wa kilemba ukawaka, ndevu za baba zikawaka moja moja. Nikafurahi, nikavuta foto karibu ili nione nguo.

Nguo ilikuwa aibu. Kikwembe cha studio ni cha bei ya chini, rangi imepigwa upande mmoja. Kwa macho, arusini, hakuna anayejua. Lakini hapo mwanga ulikuwa unapita ndani yake kutoka nyuma, na upande uliogeukia kamera ulikuwa ule wa ndani, umepauka kama kitambaa cha kufutia meza. Nikakigeuza. Sasa nyuma yao kilikuwa kizuri, lakini ncha zilizoangukia mbele zilikuwa zimejikunja na kuonyesha weupe. Nikazikunja upya, nikazibana na pini, na pini zikang'aa. Jua lilikuwa linapanda. Nikatoa neno moja la Kilingala ambalo wazazi wangu hawakupaswa kulisikia.

Mama akaja nyuma yangu, akaangalia kioo cha kamera. Aliangalia kwa muda. Halafu akatoka nje na shanga zake shingoni.

"Mama yako amekasirika?" baba akauliza.

"Sijui. Muulize."

Alibaki pale ameshika ncha ya kikwembe cha bei ya chini.

Mama akarudi na kipande cha nili.

Alikuwa amekibeba mkononi kama mtoto. Aliufungua mkunjo wa kwanza na sabuni kidogo ikaanguka sakafuni, akaiokota akaitia mfukoni. Baba aliona nguo ile akageuza uso kuelekea dirishani. Nikakipitisha kikwembe nyuma yao, nikampa mama ncha yake, nikampa baba ya kwake. Aliipokea kwa vidole viwili, mtu aliyetengeneza mbao nzito miaka yote, akaishika kama itamuunguza.

Nikarudi kwenye kamera, nikaangalia, na hapo nikasahau ugomvi kwa dakika moja. Nguo ya kweli rangi yake imepita pande zote mbili. Mwanga uliingia kutoka nyuma na nili yote ikafunguka, ile mishipa ya nta ikaonekana myeupe na myembamba kabisa, na ukingoni yale maandishi ya kiwandani ambayo wanawake huacha yaonekane makusudi yakasomeka kinyumenyume. Mwanga wa mlangoni ulipita juu ya ncha zilizoanguka mbele, na nikaona hadi mahali ambapo mkunjo wa miaka mingi umechakaza uzi. Kilikuwa ndicho nilichokiota. Watu waliokuwa ndani yake ndio waliokuwa tatizo.

Walikuwa wamefunga midomo. Kwa ubavu, na mwanga nyuma, mdomo uliofungwa unaonekana vibaya sana. Walionekana kama watu wawili waliopanga foleni wakakutana kwa bahati mbaya.

Kwa wateja wangu wote nina njia moja. Siwaambii wacheke. Ukimwambia mtu acheke anatoa meno. Nawaambia wazungumze, kwa sauti ya chini, kitu chochote, wasinijali. Wachumba huanza na upuuzi, halafu mmoja anasema kitu cha kweli, na hapo ndipo ninapiga.

"Semeni kitu," nikawaambia.

"Tuseme nini?" baba akaniuliza.

"Usiniambie mimi. Mwangalie mama. Chochote."

Baba akamwangalia mama. "Moja," akasema. "Mbili. Tatu."

"Ambia baba yako mukono yake iko juu sana," mama akasema. Pua yake ilikuwa imefika karibu na ya baba, pumzi yake ilikuwa inampiga kwenye ndevu.

"Mama, mimi ni mpiga foto hapa," nikasema. Na kwa kweli nilikasirika. "Leo sipeleki habari ya mtu. Jua linakwenda. Mkishindwa kusemeshana, semeni, nizime kamera, ukurasa ubaki mtupu, na mimi nitawapiga foto ya pasipoti kila mtu peke yake, mtanunua fremu mbili."

Niliweka jicho kwenye kamera kwa sababu sikutaka waone uso wangu. Chandarua kilicheza kidogo na upepo wa ziwa. Baba akashusha mkono.

"Mi sikufika Kigoma," akasema.

Alisema polepole, kama mtu anayesema bei. Mimi niliposikia nilidhani sikusikia.

"Sikuvuka. Sikuwa na kitu. Boti ile nilikuwa naitengeneza, haikuwa ya kupanda. Dada yangu ndiye aliuza ndagala msimu mzima, akatembea nazo kichwani mpaka Nundu, akarudi akakinunua palepale Lweba. Akaniambia sema ni wewe. Nikasema ni mimi. Halafu nikaendelea kusema." Akanyamaza. "Alipolala pale, niliona nisipomurudishia hata kipande, nitamuzika na deni. Na nikikuomba utaniuliza sababu."

Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe na sikukibonyeza. Kwa mkono wa pili nilikuwa nimekinga kioo cha mbele cha kamera kwa kipande cha boksi, ili dirisha lisichafue foto. Niliwaza: sasa amemaliza. Miaka yote ya dhoruba imeanguka mbele ya mke wake kabla ya chai. Niliogopa mama ataweka ncha yake chini na kutoka.

Mama hakutoka. Alikuwa bado anamwangalia.

"Ilinuka," akasema.

"Nini?"

"Kikwembe. Siku ile muliileta kwetu, mama yangu aliifungua, ikanuka ndagala. Nyumba yote. Kigoma yako ilinuka Lweba." Sauti yake ilikuwa ileile ya kusema chakula iko mezani, ila sasa hakuniambia mimi. "Nimeiweka na sabuni tangu siku ile ili watu wasisikie harufu. Sabuni ngapi, we mwanamume. Nimekimbia vita na sabuni."

Baba akaishika ile ncha kwa mkono mzima.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua. Wifi yangu ndiye alinioa, na mi nilimupenda. Nilikuwa nangoja uniambie. Unaongeza mawimbi, mi nangoja. Umetupa injini, mi nangoja." Sasa machozi yalikuwa yanatoka na hakuyafuta, kwa sababu nilikuwa nimemwambia asiachie ncha. "Ungeniomba, ningeikunja mi mwenyewe. Ni kazi yangu ile. Ningemuvalisha na mikono yangu, nimwambie asante. We ukaenda ukamupa kama mwizi."

"Nisamehe, mama ya batoto," baba akasema.

Mama akaachia ncha yake. Nilimwambia asiiachie na akaiachia, akainua mkono akavuta kikwembe kilichokuwa kinateleza begani mwa baba, akakiweka vizuri, akakipigapiga pale begani kama anavyofanya kwa mtoto kabla ya kanisa. Hapo kidole changu kikabonyeza, chenyewe. Nilikuwa nalia na sikuona kitu. Nilichofanya vizuri siku ile nilikuwa nimekifanya kabla: umbali wa kuona wa kamera nilikuwa nimeupima kwa mkono na kuufunga, kwa hiyo kamera haikunihitaji.

Jua likapanda, mwanga ukawa mkali, kazi ikaisha. Mama akakunja kikwembe. Kisha akamwambia baba, moja kwa moja, kwamba chai iko tayari na kwamba amevaa ule mfuko wa samaki vibaya.

Nilipoiangalia kwenye kompyuta niliona makosa. Ncha ya mama inaning'inia ovyo. Kwenye shavu lake kuna mistari miwili ya maji iliyoshika mwanga wa nyuma, inang'aa. Mkono wake umefunika nusu ya kidevu cha bwana arusi. Fundi wa Bukavu angeitupa. Lakini pale kiganja kilipobonyeza kitambaa, mishipa ya nili imekunjamana chini ya vidole, na unaona kila uzi umekaa wapi. Nilifikiria kufuta yale machozi, nilikuwa nimekwisha weka alama juu yake. Nikayaacha. Foto ikaondoka na gari la asubuhi kwenda Uvira.

Depliyan zilirudi na harufu ya wino, na mkia wa mbuzi. Watu walifungua kurasa mbili haraka na kusimama kwenye wa tatu. Waliuliza hawa ni batoto ya nani, nikajibu si watoto wa mtu, ni wazazi wangu, na hakuna mjomba aliyekuja kudai kitu. Mama mdogo wa yule binti wa Nundu alichukua moja, akaiangalia, akaniambia wale ndio wamemaliza. Mahari ya binti ikamalizika na yenyewe, na ndoa ikaja kwangu.

Siku bwana arusi huyo alipokuja kupanga foto zake, wazazi wangu walikuwa wamekaa kwenye benchi la studio, kama wanavyofanya siku hizi, wanakunywa chai na kubishana juu ya sukari. Kijana alikuwa na depliyan mkononi. Akamtambua baba. Akasalimia kwa heshima zote, akauliza, "Mzee, samahani. Kikwembe cha namna hii mulikitoa wapi? Mi nataka kama hiki."

Nikaacha nilichokuwa ninafanya. Hadithi ya Kigoma ilikuwa pale, tayari, na injini yake na chumvi yake. Mama akashusha kikombe. Hakumwangalia baba, aliangalia mlango, na nikajua kwamba hata kama baba angeanza na dhoruba, mama asingemkatiza.

Baba akaichukua depliyan, akaisogeza mbali na macho yake, akaiangalia ile nguo.

"Lweba," akasema. "Dada yangu alininunulia."

Mama akamwongezea chai, na sukari aliyokuwa anamkatalia.